MREJESHO: Barua ya kumwomba mwenye nyumba mkataba wa maandishi

Niliuliza: "Nimepanga chumba na sebule Mbagala mwaka wa pili sasa kwa makubaliano ya mdomo. Namwandikiaje mzee mkataba bila kumkwaza?"

Wadau, ahsanteni sana, mkataba ninao.

Nilimfuata aliyesema nianze na yale tusiyobishania. Barua ilikuwa ukurasa mmoja: tarehe niliyohamia, kodi 150,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita, na malipo ya mwisho yanaishia lini. Nikaambatanisha ujumbe wa miamala ya simu, niliouchapisha kwa wale wa stesheneri, pamoja na rasimu ya mkataba nakala mbili. Maombi mapya yalikuwa matatu tu: kodi isipande katikati ya muda uliolipiwa, notisi ya miezi mitatu, na matengenezo ya paa na mabomba yawe juu yake.

Nilimpelekea mkononi jioni, baada ya shikamoo. Alisoma, akauliza, "Kwani mwanangu, nimekufukuza?" Nikamwonyesha kipengele kinachosema chumba kirudi kama kilivyokuwa, kwamba kinamlinda yeye. Hapo akalegea.

Notisi aliikata hadi mwezi mmoja, kwa kalamu, tukasaini wote pembeni ya mkato. Mabomba aligoma, kabaki na paa. Tulisaini mbele ya mjumbe, kila mmoja na nakala yake.

Ule ushauri wa kutaja mahakama kwenye barua niliuacha. Nadhani ungeniharibia.