Naomba ushauri: picha ya mtu kwenye slaidi inabaki na ukingo mweupe

Wakuu habari za leo. Natengeneza slaidi za kumuaga mwalimu wetu anayestaafu, natumia PowerPoint. Picha yake ilipigwa mbele ya ukuta mweupe, kuanzia kiunoni kwenda juu, na slaidi yangu ni ya bluu iliyokolea.

Niliingia Picture Format, nikabonyeza Remove Background. Ikafuta ukuta vizuri, lakini ikala na kola ya shati, maana nayo ni nyeupe. Kola niliirudisha kwa Mark Areas to Keep, nikivuta vistari vifupi, kisha Keep Changes.

Kivuli mwanzoni kilinitoa jasho: kilizunguka boksi zima badala ya mtu. Kumbe nilikuwa nimeihifadhi picha kama JPG, ambayo haibebi uwazi, ukuta mweupe ukarudi. Nilipohifadhi PNG kikafuata mabega. Sasa nimeweka Transparency 70%, Blur 20 pt, Distance 6 pt, na kinapendeza. Ile sehemu iliyokatika kiunoni nimeishusha chini ya ukingo wa slaidi, asionekane anaelea.

Tatizo lililobaki ni nywele. Ana mvi fupi, na kuzizunguka kuna uzi mweupe unaong'aa kwenye bluu. Nikitumia Mark Areas to Remove, inakata mpaka nywele zenyewe. Nimejaribu Soft Edges 2 pt, uzi umefifia kidogo ila na mabega yamekuwa na ukungu.

Mnaufutaje bila kuharibu nywele? Au nibadilishe tu slaidi iwe ya rangi nyepesi?