Kolekole wa "kilo 20" ni wa kilo 4! Mnatumalizia mafuta bure

Wakuu, nimechoka. Mwenzetu mmoja hapa Mtwara karusha picha ya kolekole na maneno "kilo 20, mwamba wa Msimbati". Tukachanga mafuta ya boti, tukafunga mishipi minene na ndoana kubwa, tukarudi watupu. Samaki wadogo walikuwepo, ila ndoana ile haiwaingii mdomoni.

Nimeikuza ile picha. Dole gumba lake ni nene kama ndizi ya mkono wa tembo, na kichwa chake huko nyuma kimebaki kidogo. Kanyoosha mikono mbele! Simu ikiwa sentimita 50 kutoka kwa samaki na mita 1 kutoka kifuani, samaki anaonekana mara mbili ukimlinganisha na mwili. Ila dole gumba liko umbali uleule na samaki, halidanganyi. La mtu mzima lina upana wa sentimita 2 hivi. Toka mdomoni hadi panda ya mkia yameingia 30. Huyo ni sentimita 60, kilo 4 akishiba. Wa kilo 20 anafika mita.

Juzi mzee wa Mikindani kasema nguru wamesogea, watu wakamcheka: "Picha?" Kumbe kweli, kavua peke yake. Hayo ndiyo mliyoyaleta.

Ndoana Kali: Shida ni ile lenzi ya simu ya 0.5x. Piga kwa 1x, uongo umekwisha.

Mzee wa Dau: Haujakwisha, mwanangu. Kinachokuza ni umbali. Hiyo 0.5x inakuruhusu tu kusogea karibu bila kukata mkia. Na wajanja siku hizi wanaficha vidole nyuma ya samaki. Hapo tazama jicho. Kolekole mdogo ana jicho kubwa kwa kichwa chake. Akikua, kichwa kinaliacha jicho nyuma.

Mama Swaumu Lindi: Mimi nilitumiwa picha ya nguru nikalipa kwa simu. Kashushwa stendi, hata sufuria hajai. Nadai vipi?

Mzee wa Dau: Pole dada. Mlipatana kilo, au ulilipia picha?

Chambo Hai: Mbona kila mtu anasogeza samaki mbele kidogo? Nao ni uongo?

Mleta uzi: Sogeza utakavyo, usiandike kilo ambazo mizani haikuzisema! Urefu ukizidishwa mara mbili, uzito unaruka mara nane. Mlaze kwenye ubao, tandaza tepu, piga ukiwa juu yake.

Mzee wa Dau: Tepu isiwe chini ya samaki mnene, maana ubavu unakuwa karibu na simu kuliko tepu, naye anasomeka mrefu. Iwe pembeni, usawa wa ubavu, na simu iwe mbali.

Chambo Hai: Kwenye boti inayoyumba? Nani ataweza?

Mleta uzi: Mwenye kolekole yumo humu, namwona anasoma. Aje aseme alipimia mizani ipi.