MREJESHO: Mwiba wa samaki umetoka

Niliuliza juzi: "Mwiba wa samaki umenikwama kooni tangu jioni, kila nikimeza unachoma upande wa kulia. Nifanye nini, na niende hospitali lini?"

Asanteni sana wote mlionijibu. Nilianza na kukohoa kwa nguvu mara chache, kisha maji kwa mafunda madogo. Haukutoka. Kosa langu ni kwamba kabla sijasoma majibu yenu nilikuwa nimeshameza matonge makubwa bila kutafuna, na maumivu yakazidi. Aliyenionya kwamba tonge huweza kuuzamisha mwiba zaidi alisema kweli. Vidole sikuingiza.

Mlisema nisisubiri kama bado unachoma palepale kila nikimeza, basi asubuhi nikaenda. Daktari alinishika ulimi kwa kitambaa, akamulika, akauona umechomeka kwenye tonsili ya kulia, ncha nyeupe tu ikionekana. Akauvuta kwa koleo ndogo. Haikufika dakika moja. Alisema asingeuona angepitisha kamera nyembamba puani, kwa sababu miiba mingi haionekani kwenye eksirei.

Bado nahisi mkwaruzo, ila unapungua. Ameniambia nirudi ukizidi au nikipata homa.

Kwa atakayekwama baada yangu: ukishindwa kumeza hata mate, ukitema damu, ukipumua kwa shida au kifua kikiuma, usijaribu chochote nyumbani, nenda saa hiyohiyo.