Mjadala: Aliyosema rafiki usiku akiwa kalewa, yahesabiwe asubuhi?

Rehema: Rafiki yangu wa miaka 9 alinipigia Jumamosi, saa 7 na dakika 40 usiku. Alikuwa amekunywa, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye sherehe, kichwa chepesi. Tuliongea dakika 31. Akasema amenipenda siku zote ila hajui pa kuanzia. Saa 1 asubuhi akaniandikia "Umeamkaje?" kama kawaida yake, basi. Hayo maneno niyachukulie vipi?

Baraka: Yachukulie kama yalivyo. Pombe haimtungii mtu maneno. Kilichotoka kilikuwemo tangu zamani, pombe imefungua mlango tu. Hiyo "umeamkaje" ni aibu, anasubiri wewe uanze.

Mzee Shomari: Binti yangu, mimi nina miaka 67. Usiolewe na mlevi. Leo anakupigia kwa mapenzi, kesho atakupigia kwa matusi.

Rehema: Shikamoo mzee. Hajaniomba ndoa, na si mlevi wa kila siku. Ninachouliza ni maana ya yale maneno.

Mzee Shomari: Marahaba. Basi nimeelewa vibaya. Ila neno langu liweke akiba.

Tatu: Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi miaka mingi na watu wanaotaka kupunguza kunywa, kwa hiyo simu za namna hii nimesimuliwa nyingi. Baraka ana nusu ya ukweli. Ni kweli pombe haileti hisia kutoka hewani. Lakini inachofanya hasa ni kubana akili ikabaki na kitu kimoja kilicho mbele yake. Mtu akiwa mzima anasema moyoni "nampenda, lakini ni rafiki yangu, lakini ana mtu wake, lakini nikikosea nampoteza". Akilewa, zile "lakini" zinaondoka. Na zile "lakini" nazo ni zake, za kweli vilevile. Kwa hiyo ulichosikia si uongo, ila ni upande mmoja wa mtu mwenye pande mbili.

Rehema, naomba mambo matatu. Alikunywa nini na kuanzia saa ngapi? Kuna jambo alilirudia kwenye simu? Na wewe ulimjibu nini?

Rehema: Aliniambia chupa 5 za bia, zile za nusu lita, tangu saa 2 usiku, na hakuwa amekula. Habari ya kuhama nyumba alinisimulia mara mbili, neno kwa neno, kama hakuwahi kuisema. Mimi… nadhani nilisema "hata mimi nakupenda". Au nilisema "hata mimi nakupenda kama ndugu". Sina uhakika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tatu: Asante kwa kusema wazi. Tuanze na ile "umeamkaje". Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo. Chupa 5 ni gramu 100. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa wala maji ya baridi yanayouharakisha. Tukichukua 8, anahitaji saa 12 na nusu tangu saa 2 usiku. Hiyo ni saa 2 na nusu asubuhi. Saa 1 alipokuandikia huenda pombe ilikuwa bado haijamwisha mwilini. Ujumbe ule usiusome kama jibu la mtu aliyekaa akatafakari.

La pili ni zito zaidi. Mtu anayekusimulia jambo lilelile upya ndani ya simu moja, ubongo wake umeanza kushindwa kuweka kumbukumbu mpya. Anaongea, anacheka, anakujibu vizuri kabisa, lakini vipande vya mazungumzo havihifadhiwi. Njaa na kunywa haraka huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa anakumbuka sehemu na sehemu hana. Akikuambia "sikumbuki", usikimbilie kusema anajifanya.

Lulu: Mimi rafiki yangu nilimshutumu hivyohivyo, kwamba anajifanya. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku, asubuhi akasema hakumbuki, nikamsikilizisha mbele ya wenzetu wawili ili akubali. Nilimwona uso unavyobadilika. Hakunijibu kitu, akachukua mkoba wake akatoka. Huu mwaka wa pili hatusalimiani. Rehema, usimfanyie hivyo hata kama una ushahidi.

Deo: Mimi nasema tofauti. Kama hakumbuki, basi hayo maneno hayapo. Neno ni la mtu anayeweza kulisimamia. Mwache, ukimya ni heshima.

Tatu: Deo, kwa mhusika labda hayapo. Kwa Rehema yapo, na yeye ndiye atakayemkwepa rafiki yake wiki nzima bila mwenzake kujua kosa lake.

Deo: Lakini ukimfunulia mtu kitu alichokuwa amekificha kwa hiari yake, umemwibia uamuzi wake.

Tatu: Hapo sikupingi. Ndiyo maana usianze kwa kumsomea alichosema. Kuna sababu nyingine pia: ukimwambia "ulisema unanipenda", kesho atadhani anakikumbuka, kumbe ni wewe uliyekijaza. Rehema, kwanza andika unachokumbuka leo, pamoja na mashaka yako, kabla hujaongea naye. Kisha mpigie mchana, siku ambayo wote mmelala vizuri, useme tu: "Jumamosi usiku tuliongea sana. Wewe unakumbuka nini?" Halafu nyamaza. Mwache ajaze mwenyewe.

Baraka: Akibadilisha mada haraka, ujue anakumbuka.

Tatu: Hapana, kaka. Anayekumbuka kwa aibu na asiyekumbuka kwa hofu wanafanana sana kwenye simu, wote wanakimbia. Kipimo changu ni kingine: ameshawahi kuonyesha jambo hili akiwa hajanywa? Na kama amewahi kulisema akiwa amekunywa, ni mara ngapi, na katika mazingira tofauti? Mara moja, baada ya sherehe, saa 7 usiku, ni kidogo mno kujengea kitu.

Rehema: Akiwa hajanywa hajawahi kutamka. Ila nilipolazwa mwaka jana alikuja siku zote 6, na alijua dawa zangu kuliko ndugu zangu. Sijui kama hilo linahesabika.

Tatu: Kwangu linahesabika kuliko zile dakika 31. Ila rafiki wa kweli naye hufanya hivyo bila mapenzi ya namna nyingine.

Rehema: *(baada ya siku tatu)* Nimempigia leo mchana. Nikauliza kama dada Tatu alivyosema, nikanyamaza. Akakaa kimya nikasikia anavuta kiti. Akasema: "Nakumbuka kukupigia. Nakumbuka habari ya nyumba. Mengine sina. Lakini nakumbuka wewe ulisema unanipenda, nikakata simu nikiwa na furaha."

Kwa hiyo yake hana, ila yangu anayo. Na mimi sijui kama nilimalizia "kama ndugu".

Lulu: Ulimjibu nini?

Rehema: Nilimwambia na mimi nilikuwa nimekunywa, sikumbuki vizuri, na sitaki kumjibu kwa simu. Sikumtajia alichosema yeye.

Deo: Ulifanya vyema kutomtajia.

Baraka: Mimi ningemtajia. Sasa anadhani wewe ndiye uliyeanza, na si haki.

Rehema: Hilo ndilo linanisumbua. Tunakutana Jumapili mchana. Nimeshaandika kwenye daftari nilichokumbuka, mbele ya "kama ndugu" nimeweka alama ya kuuliza. Nafikiri nitampa daftari asome mwenyewe, akitaka.