Tupeane uzoefu: altrasaundi au CT yako ya kidole tumbo ilionyesha nini hasa?

Kiroboto
Wakuu, habari zenu. Mada za maumivu ya kidole tumbo zimejaa, nataka tuzungumzie picha. Waliopimwa waseme ripoti iliandikwaje na ikaishia wapi.

Naanza. Maumivu yalianzia kitovuni, usiku yakahamia chini kulia, ikawa hata kukohoa naogopa. Altrasaundi iliandika kwamba kidole tumbo hakikuonekana, ila mafuta ya upande huo yameng'aa na hayabonyei, na kuna majimaji kidogo. Kaka yangu alipofika kwenye "hakikuonekana" akataka turudi nyumbani. Daktari wa upasuaji yeye alishikilia hilo la mafuta, nikapelekwa CT. Huko kikaonekana kimejificha nyuma ya utumbo mpana, unene milimita 11, kijiwe ndani, na mafuta yanayokizunguka yana ukungu. Nilifanyiwa upasuaji, nimepona. Swali langu: kitu cha milimita 11 altrasaundi inakikosaje?

Chuma Chakavu
Mbona ni rahisi, mkuu. Kipimo ni milimita 6. Ikizidi hapo ni kisu, ikipungua nenda zako. Changu kilikuwa 9, kikatolewa siku hiyohiyo. Hayo ya mafuta ni maelezo ya kujazia ripoti.

Mpiga Picha
Nafanya kazi chumba cha altrasaundi, na CT nazisoma pamoja na madaktari wa mionzi kila siku. Nianze na swali la Kiroboto.

Altrasaundi ni sauti ya juu mno, na sauti hiyo ikikutana na gesi hurudishwa badala ya kupenya. Mwanzo wa utumbo mpana mara nyingi una gesi, na kidole tumbo chako kilikuwa nyuma yake. Ndiyo maana tunabonyeza taratibu, tunaongeza nguvu kidogo kidogo hadi gesi isogee na tuone msuli wa nyonga na mishipa mikubwa ya damu chini yake. Nisipoifikia hiyo mishipa, bado sijatafuta. Wakati mwingine namlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto nikaingilia kiunoni. Na kabla ya yote namwomba aniwekee kidole kimoja pale panapouma zaidi. Hapo ndipo naanzia.

Chuma, hiyo 6 ni ya kweli, lakini ilizoeleka kwenye altrasaundi, ambako mrija wa kidole tumbo unabonyezwa. Mrija wenye afya hubonyea kama mpira usio na upepo, ulioumwa unakataa. Kwenye CT hakuna anayebonyeza. Mtu mzima wa afya anaweza kuwa na kidole tumbo cha milimita 7 au 8, kimejaa hewa au kinyesi, na hakina neno lolote. Kati ya 6 na 10 mimi sisemi kitu kabla sijayaangalia mafuta.

Chuma Chakavu
Kwa hiyo namba haina maana?

Mpiga Picha
Ina maana, ila si hakimu. Na inadanganya upande wa pili pia: kikishapasuka kinaweza kunywea. Mgonjwa anasema maumivu yamepungua ghafla, mrija unapima kidogo kuliko ulivyotarajia, lakini pembeni kuna usaha na mafuta yamevurugika. Ukiangalia namba peke yake utamrudisha nyumbani.

Mtu wa Zamu
Ya kwangu inamuunga mkono. CT ilisema kidole tumbo milimita 8, hewa ndani, mafuta yanayokizunguka safi. Jamaa zangu wakaanza kuniandalia nguo za hospitali. Kumbe daktari wa mionzi alikuwa ameendelea kushuka na picha akakuta kijiwe kwenye mrija wa mkojo, upande uleule wa kulia. Nikapewa dawa za maumivu na maagizo ya kunywa maji, kijiwe kikatoka chenyewe. Kidole tumbo changu ninacho mpaka leo.

Bi Nyota
Samahani jamani, mimi nauliza kuhusu haya mafuta. Niliandikiwa kwamba yana ukungu. Nimeacha kabisa vyakula vya kukaangwa, lakini mume wangu ananicheka. Nipunguze na uzito?

Mpiga Picha
Dada, hayo siyo ya kwenye sahani. Kila mtu ana mafuta tumboni yanayozunguka utumbo, hata mwembamba. Kwenye CT mafuta safi ni meusi: kipimo chake ni karibu hasi 100, wakati maji ni 0. Kidole tumbo kikiumwa, majimaji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo yakaingia ndani ya mafuta, na weusi ule ukageuka kijivu chenye michirizi. Ndiyo huo ukungu. Kwenye altrasaundi mafuta hayohayo huonekana meupe zaidi na magumu, kwa hiyo mtu akisoma ripoti mbili anadhani zinapingana.

Tena ukonde hausaidii hapa. Mgonjwa mwembamba sana, hasa mtoto, ana mafuta machache mno kati ya utumbo na utumbo, kila kitu kimegusana, na ukungu hauna pa kujionyesha. Ila ukungu peke yake si jina la ugonjwa. Utumbo mdogo ukivimba, au kifuko cha utumbo mpana kikiumwa, mafuta ya jirani yanachafuka vilevile. Ripoti yako ilisemaje juu ya mrija wenyewe?

Bi Nyota
Sijui, nimepiga picha ukurasa wa kwanza tu. Nitatafuta.

Mama Pacha
Kwa watoto wengi wanaanza na altrasaundi kukwepa mionzi, na wangu ndivyo ilivyokuwa. Ripoti ya kwanza: kidole tumbo kimeonekana, milimita 5, kinabonyea. Tukaondoka kwa furaha. Usiku homa ikapanda, tukarudi. Aliyempima mara ya pili aliufuata mrija kutoka kwenye utumbo mpana hadi ulipoishia. Nusu ya kwanza ilikuwa nzima kama walivyosema. Ncha ndiyo ilikuwa imevimba, rangi nyekundu ya mishipa ya damu imejaa kwenye skrini, na mtoto alipiga kelele kifaa kilipofika pale. Tangu hapo, mtu akiniambia "kimeonekana" namuuliza: mpaka nchani?

Mpiga Picha
Mama Pacha umesema neno. Ncha isipoonekana iandikwe kwamba haikuonekana, na mgonjwa aambiwe arudi maumivu yakizidi.

Kimya Kingi
Mimi nilitibiwa kwa antibayotiki bila kisu. Hakukuwa na kijiwe, mrija milimita 9, ukungu kidogo. Maumivu yaliisha. Baadaye nikapima altrasaundi kwa sababu nyingine, wakakuta bado una milimita 7 na mafuta yameng'aa kidogo. Huyu anasema ni mabaki, yule anasema unajirudia. Nani amekutana na hili?

Kiroboto
Mimi niliambiwa kijiwe ndicho kilichofanya wasinipe dawa peke yake, kwamba chenye kijiwe huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi. Wewe hukuwa nacho, kwa hiyo sijui.

Mpiga Picha
Kimya, mafuta huchelewa kusafika hata mrija ukipoa, kwa hiyo picha moja haiwezi kuamua. Kikibonyezwa pale kinauma? Na kinabonyea?

Kimya Kingi
Kinabonyea nusu. Kuuma, hapana, ila nikikimbia nahisi kitu.

Chuma Chakavu
Toa tu, mkuu.