Tupeane uzoefu: Uliyewahi kupanga kurasa za dayari zilizochanganyika, tarehe ulizitoaje?

Binti Bwanashamba
Wakuu, nimekwama na sanduku la marehemu baba. Alikuwa bwana shamba Kilosa, mwenyeji wa Pangani, na alikuwa anaandika kila alichokutana nacho: nyuma ya fomu za pembejeo, kwenye madaftari ya kaunta, hata kwenye karatasi za kalenda. Nimechukua likizo ya wiki mbili nizichape zote, kila siku na kichwa chake cha tarehe, chini yake tagi za mambo aliyozungumzia, ili mtu akitaka kujua habari za shamba la Mziha au ugonjwa wa bibi asifukue sanduku zima.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza nilifungua vile vifurushi alivyovifunga kwa kamba, nikavigawa sebuleni kwa mada. Mashamba kule, familia huku, safari mlangoni. Jioni mjukuu wake akafungua mlango, upepo ukapita. Nilipokusanya ndipo nikagundua kurasa nyingi zina siku na mwezi tu. "J'tano 14/3." Ya mwaka gani? Kifurushi ndicho kilichokuwa kinaniambia mwaka, na kifurushi nimekivunja mwenyewe kwa mikono yangu. Nililala saa nane usiku, silii wala silali.

Aliyewahi kupita hapa aniambie alitokaje.

Mzee wa Masijala
Umenikumbusha mbali, binti yangu. Miaka ishirini na sita nilikaa masijala, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba karatasi haihamishwi kabla haijapewa folio. Chukua penseli (siyo kalamu), andika namba ndogo kwenye kona ya juu kulia, moja mpaka mwisho, kwa mpangilio uleule ulioikuta. Piga picha. Baada ya hapo karatasi zirudi zilipokuwa. Kinachopangwa kwa tarehe ni orodha uliyoichapa, karatasi zenyewe unaziacha zikae. Ukikosea tarehe unasahihisha mstari mmoja tu, na folio inakurudisha kwenye karatasi halisi.

Ulizokwisha kuchanganya, angalia alama za kamba, kutu ya pini na madoa ya maji. Doa likipita kurasa nne, hizo nne zilikuwa zimelaliana.

Kaka Mjusi
Mimi za kwangu nilichoma zote baada ya kuoa. Amani tele.

Mama Kurwa
Kaka Mjusi 😂 hujaulizwa.

Ticha wa Zamani
Mwaka unapatikana kirahisi sana. Baba kakuandikia siku ya wiki, kwa hiyo tafuta mwaka ambao 14 Machi iliangukia Jumatano. Nimeangalia kalenda ya simu: ni 1984. Mchezo umeisha.

Mzee wa Masijala
Ticha, umefungua mlango sahihi lakini umeingia haraka. 14 Machi iliangukia Jumatano mwaka 1973, 1979, 1984 na 1990. Siku ya wiki inakupunguzia miaka, haikuchagulii mmoja. Binti, ukurasa huo unasema nini kingine?

Binti Bwanashamba
Unasema mvua haijakata, barabara ya Dumila imeharibika, na kwamba Waziri Mkuu Sokoine amewakemea watu wa ugawaji. Kwa hiyo Ticha yuko sawa, Sokoine alifariki 12 Aprili 1984. Nimeiwekea 1984.

Mzee wa Masijala
Pole pole. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, kuanzia 1977 hadi 1980, kisha 1983 hadi alipofariki. Kwa hiyo 1979 nayo bado imo. Umeondoa 1973 na 1990 tu.

Ticha wa Zamani
Mwandiko! Angalia mwandiko na rangi ya wino, mtu hubadilika.

Mzee wa Masijala
Mwandiko wa mtu mzima katika miaka mitano haubadiliki kiasi hicho, na wino ulikuwa unatolewa stoo. Tafuta jambo lililotokea mara moja tu.

Binti Bwanashamba
Nimerudi kuusoma tena hadi pembeni. Kuna mstari mdogo umebanwa: "Mtoto ameota jino la kwanza, mama yake amechoka." Mtoto wa kwanza nyumbani kwetu ni mimi, na kadi yangu ya kliniki inasema nilizaliwa Agosti 1983. Mwaka 1979 baba hakuwa hata na mchumba. Basi ni 1984, na jino ni langu 😅

Mama Kurwa
Nimesisimka.

Fundi Laptopu
Nikusaidie upande wa kuchapa. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, tarakimu kamili. Ukianza na siku, kompyuta itakupangia tarehe moja zote za miezi yote pamoja. Mimi naandika hivi:

```
## 1984-03-14 Jumatano
folio: 37
mwaka umetokana na: jino, kadi ya kliniki
#mvua #familia #ugawaji
```

Usipojua siku, andika 1984-04-xx. Herufi hukaa baada ya tarakimu, kwa hiyo ukurasa huo utaanguka mwisho wa Aprili, hautapotea. Na ule mstari wa "umetokana na" usiuache. Mwaka mmoja baadaye hutakumbuka kwa nini uliamua hivyo.

Dada Hesabu
Mimi nilitumia Excel, msinicheke. Nilichapa tarehe za bibi mia tatu na kitu, nikabonyeza panga, zikajipanga. Wiki ya pili nikaona msiba wa babu umetangulia ugonjwa wake. Kumbe kompyuta ya ofisini ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani: nikiandika 3/4 inasoma Machi 4, nikiandika 25/4 inaona hakuna mwezi wa ishirini na tano, inaiacha kama maandishi tu. Kwa hiyo nusu zilikuwa tarehe za uongo na nusu hazikuwa tarehe kabisa. Unazitambua kwa jicho: za uongo zinakaa kulia mwa kisanduku, zilizokataliwa zinakaa kushoto. Nilirudia zote kwa mkono.

Pwani Mchangani
Angalizo jingine. Marehemu ni mtu wa Pangani. Akiandika "usiku wa Ijumaa tulisoma Yasini," huo ni usiku wa Alhamisi ninyi mnavyohesabu. Kwetu siku inaanza jua likizama.

Ticha wa Zamani
Hapana. Usiku wa Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Alhamisi usiku ungeitwa "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Pwani Mchangani
Huko kwenu bara. Sisi hatuhitaji kuamkia.

Ticha wa Zamani
Baba wa watu kafanya kazi Kilosa miaka yote, unadhani alihesabu kipwani?

Pwani Mchangani
Kazi ya Kilosa ndiyo inamfuta mtu asili yake? Wewe ukihamia Unguja utaacha kula ugali?

Mzee wa Masijala
Wote wawili mtulie. Maneno yake yachapwe kama alivyoandika, kichwa kiwe na alama ya kuuliza, na tarehe ya pili itajwe chini. Akitokea mtu aliyekuwepo kwenye kisomo hicho ataamua yeye.

Njia Panda
Sikupanga kuandika ila mada imenigusa. Mzee wetu alikuwa mtu wa reli. Madaftari manne, kila moja ukilisoma peke yake ni kazi tupu: injini, zamu, mabehewa. Nilichapa yote kwa tarehe kama Fundi anavyosema, nikaweka tagi. #mshahara, #safari, #Tabora.

Siku moja nikachuja #Tabora kutaka kujua zamu zake. Zikaja kumi na moja. Nikashangaa zote ziko mwisho wa mwezi. Nikaweka #mshahara pembeni yake. Kila anapopokea mshahara, siku mbili tatu baadaye yuko Tabora, na kila ukurasa una mstari "kwa T" na kiasi. Katika daftari mistari hiyo iko mbalimbali, mmoja ukurasa wa tano, mwingine wa sitini, huwezi kuona kitu. Ikijipanga chini kwa chini inakuangalia usoni. Halafu ukurasa wa 1991: "T ameanza darasa la kwanza."

Sisi tuko watatu. Hakuna T.

Nikafuta tagi ya #Tabora faili zima, nikampelekea dada nakala yake kama nilivyomwahidi. Nilisahau kwamba kufuta tagi hakufuti maneno. Yeye alitafuta neno Tabora lenyewe. Alinipigia saa kumi na moja alfajiri, hakusema hata haloo.

Mama Kurwa
Weeee! Kisha?

Kaka Mjusi
Ndiyo maana nilichoma.

Dada Hesabu
Mmemtafuta huyo T? Mama yupo hai? Mrejesho tafadhali.

Pwani Mchangani
Huenda ni ndugu aliyekuwa anasomeshwa. Msimhukumu marehemu kwa herufi moja.

Mama Kurwa
Kila mwisho wa mwezi, Pwani? Haya.

Binti Bwanashamba
Jamani poleni, Njia Panda. Ila naomba turudi kidogo, mimi tagi zimenishinda. Nina #shamba, #mashamba, #kilimo na #mahindi, na nikitafuta "ugonjwa" napata kurasa mbili tu, wakati bibi aliugua miaka miwili.

Bosi wa Tagi
Ongeza tagi. Mimi ninazo 140, kila kitu kina yake.

Fundi Laptopu
Bosi, ukiwa nazo 140 utahitaji dayari ya tagi. Binti, Kiswahili kinabadilika mbele ya neno, kwa hiyo tafuta shina. Andika "gonjwa" utapata mgonjwa, wagonjwa na ugonjwa kwa mkupuo. Lakini shina halifiki kila mahali. Ukurasa unaosema "mama hakuamka leo, tumemwita daktari" hauna gonjwa wala ugua, na huo ndio unaoutaka. Hapo ndipo tagi ya #afya inapofanya kazi. Na mashina mengine ni balaa: jaribu "lip" ukitafuta malipo, utaletewa nilipofika, alipolala, tulipoondoka, kitabu kizima. Malipo yape #fedha.

Chagua kumi na tano hivi, zote umoja, ziandike ukurasa wa kwanza wa faili. Ukitaka kuongeza ya kumi na sita, kwanza soma hizo. #shamba ibaki, #mashamba na #kilimo ziingie humo. #mahindi haina haja, neno lenyewe limo kwenye maandishi.

Bosi wa Tagi
Mimi zangu zinanifaa.

Mtaalamu Uchwara
Samahani, hizi dayari za zamani zinanunuliwa wapi? Nina za 2015 hazijatumika.

Binti Bwanashamba
Mrejesho kwa walioomba. Nimefika folio 212, zilizobaki ni kama arobaini. Zenye mwaka wa uhakika ni nyingi kuliko nilivyoogopa, maana doa la maji la Mzee lilinirudishia kifurushi kizima cha 1986. Tisa zimebaki bila mwaka, nimeziweka mwisho wa faili. Usiku wa Ijumaa una alama ya kuuliza. Shangazi wa Pangani anasema ni Alhamisi, mama anasema ni Ijumaa.

Mzee wa Masijala
Hizo tisa usizilazimishe.

Dada Hesabu
Hongera. Njia Panda yuko wapi lakini?