Mrejesho: hotuba ya naibu waziri

Niliuliza: "Sentensi za hotuba ninayoandaa ni ndefu, mheshimiwa anaishiwa pumzi katikati. Nizikate vipi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilisoma kwa sauti, nikakata kila nilipovuta pumzi. "Serikali itaendelea kuhakikisha kuwa huduma ya maji safi inawafikia wananchi waishio vijijini" ikawa: "Maji yatafika vijijini. Yatafika kwa kila mwananchi."

Katibu wake akaikataa: nimegeuza kazi inayoendelea kuwa ahadi! Tukaandika: "Tunapeleka maji vijijini. Kazi inaendelea." Hapo ukumbi ulipiga makofi.

Nilipokosea ni kurasa. Sentensi moja ilianzia chini ya ukurasa wa 3 ikaishia wa 4, akakwama akifunua karatasi. Sasa kila ukurasa naumalizia kwenye nukta.